Kusoma GPS ya Shamba kwenye Simu na Kuituma kwa Meseji

Koordineti za shamba ni namba mbili zisizotengana. Ya kwanza ni latitudo, inayoonyesha mahali palivyo mbali na Ikweta, upande wa kaskazini au wa kusini. Ya pili ni longitudo, inayoonyesha mahali palivyo mbali na mstari unaopita Greenwich, London, upande wa mashariki au wa magharibi. Vijijini watu wengi huziita tu “GPS ya shamba”, na jina hilo linatosha. Shamba la kahawa katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, laweza kusomeka hivi kwenye simu:

```
-10.884217, 35.046930
```

Alama ya kutoa iliyo mwanzoni inasema kwamba shamba liko kusini mwa Ikweta. Tanzania nzima iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo hakuna shamba la Tanzania ambalo latitudo yake inakosa alama hiyo. Namba ya pili haina alama kwa sababu nchi iko mashariki mwa Greenwich. Nukta hutenganisha digrii kamili na sehemu yake, na mkato hutenganisha namba moja na mwenzake. Latitudo hutangulia, longitudo hufuata. Mpangilio huo haubadilishwi kwa hiari ya mwandishi.

Kila tarakimu baada ya nukta ina uzito wake. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111 ardhini. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta hubeba kilomita 11, ya pili kilomita moja na ushei, ya tatu mita 110, ya nne mita 11, ya tano mita moja, na ya sita sentimita 11. Anayekata namba na kuandika -10.88, 35.05 ili kufupisha ametaja eneo la kijiji kizima, wala si shamba la mtu.

Wenyeviti wa vyama vya ushirika vya kahawa wameanza kuulizwa namba hizi kwa msisitizo kwa sababu ya Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, iliyopitishwa mwaka 2023. Kanuni hiyo inazuia kuingiza katika soko la Ulaya kahawa, kakao na mazao mengine machache yaliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini masharti ya namba yameandikwa wazi: kila shamba litajwe kwa latitudo na longitudo zenye tarakimu zisizopungua sita baada ya nukta. Shamba lisilozidi hekta 4, yaani karibu ekari 10, linatosha kutajwa kwa nukta moja. Linalozidi hapo lazima lionyeshwe mipaka yake yote. Mkulima wa kawaida wa Mbinga ana ekari moja, mbili au tatu, mara nyingi katika vipande vilivyotawanyika, kwa hiyo kazi ya mwenyekiti ni kupata nukta moja iliyo sahihi kwa kila kipande. Mwanachama mwenye vipande vitatu ana nukta tatu.

Kabla ya kwenda shambani, simu inahitaji kutayarishwa, na hapa ndipo makosa mengi huanzia bila mtu kujua. Simu janja hupata mahali ilipo kwa njia mbili. Ya kwanza ni minara ya simu na mawimbi ya Wi-Fi. Njia hii ni ya haraka, lakini mashambani, minara ikiwa michache, inaweza kukosea kwa mamia ya mita au hata zaidi. Ya pili ni setilaiti, zinazozunguka dunia kwenye kimo cha takribani kilomita 20,000. Simu ikizisikia setilaiti nne au zaidi kwa wakati mmoja, inaweza kukadiria mahali ilipo kwa tofauti ya mita chache. Namba za shamba zinatakiwa zitoke kwa setilaiti. Kwa hiyo katika mipangilio ya simu sehemu ya mahali, inayoandikwa `Location` katika simu zilizo katika Kiingereza, lazima iwe imewashwa, na programu ya ramani iwe imeruhusiwa kutumia mahali halisi. Simu za siku hizi huuliza kama programu ipewe mahali halisi au pa kukadiria. Aliyewahi kuchagua pa kukadiria ataona ramani inafunguka vizuri tu, huku nukta yake ikielea mbali na miguu yake.

Setilaiti hazitaki bando. Simu isiyo na salio wala mtandao bado inaweza kusoma koordineti, kwa kuwa inapokea tu mawimbi yanayotoka angani. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani yenyewe, na pia msaada mdogo ambao mtandao huipa simu ili izitambue setilaiti kwa haraka. Pasipo mtandao, simu iliyozimwa muda mrefu au iliyosafirishwa mbali huweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kupata mahali pake, na anayeitazama hudhani imeharibika. Dawa yake ni kuishika mahali pa wazi na kusubiri. Mwenyekiti ambaye vijiji vyake havina mtandao atafaidika na programu ya ramani inayofanya kazi bila bando, kama Organic Maps, ambayo ramani ya nchi hupakuliwa mara moja tu mjini, kisha hutumika popote.

Mahali pa kusimama ni jambo linalostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu namba iliyosomwa vizuri mahali pasipofaa ni namba mbovu. Ekari moja, kwa kipimo cha wakulima, ni hatua 70 kwa 70. Kikiwa kipande cha mraba, upande wake mmoja ni kama mita 64. Anayesimama katikati yake yuko mita 32 hivi kutoka kila mpaka. Simu ikikosea kwa mita 5 au hata 10, nukta bado inaangukia ndani ya shamba lile lile. Lakini anayesimama barabarani, kwenye kona ambako pikipiki imeegeshwa, ana mita moja au mbili tu kati yake na shamba la jirani. Kosa lile lile la mita 5 linamhamishia jirani kahawa ya mwanachama. Kwenye jedwali la chama hakuna atakayeligundua, kwa sababu namba zote mbili zinafanana hadi tarakimu ya nne.

Kwa hiyo mwenyekiti, au kijana aliyetumwa na chama, hutembea hadi katikati. Huko Mbinga hilo si jambo dogo. Mashamba mengi yako kwenye miteremko mikali, na mtu hushuka huku akishika miche. Kipande kikiwa na umbo la kiwiko, kwa mfano kilichozunguka mgongo wa kilima au mashimo ya ngoro ya jirani, katikati ya umbo zima huweza kuangukia nje ya shamba. Hapo huchaguliwa sehemu pana zaidi ya kipande, na katikati ya sehemu hiyo ndipo pa kusimama.

Chini ya migomba na miti ya kivuli majani mabichi huzuia mawimbi, na bondeni kati ya kuta mbili za milima anga inayoonekana ni ukanda mwembamba. Simu inaweza kusikia setilaiti chache, zote zikiwa upande mmoja, na usahihi ukashuka kutoka mita 5 hadi 20 au 30. Kusogea hatua chache hadi kwenye uwazi, ilimradi mtu asitoke shambani, husaidia kuliko kuendelea kuitikisa simu. Simu ishikwe kiganjani ikitazama juu, isiwe mfukoni wala chini ya mwavuli, na msomaji asimame palepale kwa dakika moja au mbili.

Katika muda huo kuna kitu cha kutazama. Katika Google Maps, nukta ya buluu inayoonyesha mahali pa simu huzungukwa na duara la buluu hafifu. Duara hilo ndilo simu inavyokiri wasiwasi wake: mahali halisi pako humo ndani, lakini simu haina hakika ni wapi. Mwanzoni huweza kufunika nusu ya mtaa, kisha hunywea kidogo kidogo hadi linabaki dogo kuzunguka nukta. Namba husomwa baada ya duara kutulia. Nukta ikiwa ya kijivu badala ya buluu, simu inaonyesha mahali pa zamani ilipopakumbuka, na lolote linalosomwa hapo halina thamani. Programu nyingine huandika usahihi kwa mita. Mita 3 hadi 8 ni usomaji mzuri. Ikizidi 15 kwenye shamba la ekari moja, ni bora kusubiri au kusogea.

Kuzisoma namba zenyewe ni rahisi, ila kuna mtego mmoja. Katika Google Maps mtu huweka kidole juu ya ramani na kukiacha hapo kwa sekunde moja au mbili. Pini nyekundu hutokea, na koordineti huonekana kwenye kisanduku cha kutafutia juu ya kioo au kwenye maelezo ya pini chini yake. Mtego ni kwamba pini huangukia pale kidole kilipogusa, wala si pale mtu aliposimama. Ramani ikiwa imeonyesha wilaya nzima, unene wa kidole ni kilomita kadhaa. Kwa hiyo ramani hukuzwa kwanza, kwa kutanua vidole viwili, hadi nukta ya buluu ikawa katikati ya kioo na mashamba ya jirani yakaonekana kila moja peke yake, ndipo kidole hukandamiza juu ya nukta yenyewe. Kisha namba hunakiliwa kwa kuguswa na kubandikwa kwenye meseji. Kuzikariri na kuziandika upya kwa mkono ni kualika tarakimu kubadilishana nafasi.

Baadhi ya simu na programu huonyesha mahali kwa sura nyingine. Shamba lile lile la mfano litasomeka hivi:

```
10°53'03.2"S 35°02'48.9"E
```

Hizi ni digrii, dakika na sekunde. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60, kama saa ya ukutani. Herufi S ni kusini na E ni mashariki. Dira ya simu ya iPhone hutumia sura hii, na namba zake si za uongo, ila hazifai kutumwa kama zilivyo. Tatizo la kwanza ni kwamba mtu huondoa alama na kuandika 10.5303, akidhani amefanya ufupisho. Sivyo. Dakika 53 si sehemu 53 za mia. Ni sehemu 53 za sitini, ambazo ni karibu 0.88. Aliyeandika -10.5303 amelisogeza shamba kilomita 39 kuelekea kaskazini. Pale ambapo simu haina njia nyingine, hesabu hufanywa kwa kikokotoo:

```
10 + 53/60 + 3.2/3600 = 10.884222
```

Kisha huwekwa alama ya kutoa, kwa kuwa ni kusini. Tofauti kati ya 10.884222 na 10.884217 ya awali ni nusu mita tu, inayotokana na kukatwa kwa sekunde. Lakini kubadilisha mipangilio ya programu ili ionyeshe desimali ni njia fupi na salama zaidi. Organic Maps, kwa mfano, hubadilisha sura ya namba kila zinapoguswa.

Tatizo la pili la alama ya digrii linahusu meseji ya kawaida. SMS moja hubeba herufi 160, alimradi zote ziwe katika orodha ya herufi za msingi za mitandao ya simu. Kiduara cha digrii hakimo katika orodha hiyo. Kikiingia kimoja tu, meseji nzima hubadilishwa mfumo na uwezo wake hushuka hadi herufi 70. Ujumbe hukatika vipande viwili au vitatu, malipo huongezeka, na kwenye kitochi cha mpokeaji kiduara huweza kutokea kama kisanduku kitupu. Kistari kirefu, ambacho simu nyingine hukiweka zenyewe badala ya alama ya kutoa, nacho kina kasoro hiyo hiyo, na zaidi ya hapo jedwali la kompyuta halikitambui kuwa ni alama ya kutoa. Kistari kifupi cha kawaida ndicho kinachotakiwa.

Meseji inayotumwa ofisini huhitaji mambo machache kuliko watu wanavyodhani, ila yote yawepo. Namba mbili peke yake, zikifika kwa karani mwenye mashamba mia tatu mezani, hazina mwenyewe. Mfano wa meseji iliyokamilika ni huu:

```
MW 0214 SHAMBA 2
-10.884217, 35.046930
USAHIHI M 5
EKARI 1.5
KATIKATI
14/06/2025
```

Mstari wa kwanza ni namba ya mwanachama katika daftari la chama na namba ya kipande chake. Namba ya uanachama ni bora kuliko jina, kwa sababu kijiji kimoja huweza kuwa na watu watatu wenye jina moja la ukoo, na pia kwa sababu meseji ikipotelea kwa mtu mwingine haitangazi mali ya nani iko wapi. Mstari wa pili una namba zenyewe na si kitu kingine, ili ziweze kunakiliwa bila kukatakata. Usahihi unamwambia karani aiamini nukta kwa kiasi gani. Ekari zinamsaidia kupima kama nukta moja inatosha. Neno KATIKATI linamhakikishia kwamba msomaji hakusimama barabarani. Tarehe ni muhimu pale nukta inaporudiwa, ili ijulikane ipi ni ya mwisho. Ujumbe wote haufiki herufi 100, kwa hiyo unaingia katika SMS moja, na huenda hata pale ambapo mtandao wa intaneti haufiki.

WhatsApp ina njia yake ya kutuma mahali, na wengi huipenda kwa sababu inaonyesha kijiramani. Ni njia nzuri ikitumiwa shambani. Aliye ndani ya mazungumzo hugusa alama ya kuambatisha, huchagua mahali, husubiri simu iandike usahihi wake kwa mita, kisha hutuma mahali alipo wakati huo. Kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, kuna chaguo jingine la kushiriki mahali moja kwa moja, linalomfuata mtumaji anakokwenda na kuzimika baada ya dakika 15, saa moja au saa 8. Hilo si la shamba, kwa sababu mwenyekiti akipanda pikipiki kurudi nyumbani, nukta hupanda naye. La pili, chini ya ramani huorodheshwa sehemu zenye majina zilizo jirani, kama shule au kanisa, na anayegusa mojawapo ametuma mahali pa shule hiyo. La tatu ndilo linalotokea mara nyingi zaidi: mwenyekiti anatoka shambani bila kutuma, anafika nyumbani kwenye Wi-Fi au mtandao mzuri, anabonyeza kutuma mahali, na ofisi inapokea koordineti za sebule yake.

Kwa sababu hiyo, chama kinachotaka utaratibu thabiti kingefanya vyema kudai namba zilizoandikwa hata pale kijiramani kinapotumwa. Kijiramani hakiingii kwenye jedwali, na viungo vifupi vya ramani vinavyotengenezwa na programu haviwezi kusomwa bila intaneti. Mwenye kutaka mpokeaji afungue ramani kwa kugusa mara moja anaweza kuandika kiungo chenye namba ndani yake, ambacho hata kikishindwa kufunguka, bado kinasomeka kwa macho:

```
https://maps.google.com/?q=-10.884217,35.046930
```

Kosa la namba halipigi kelele. Ramani haikatai, inampeleka mtu popote alipoambiwa. Alama ya kutoa ikisahaulika katika mfano huu, 10.884217, 35.046930 ni magharibi mwa Ethiopia, karibu na mpaka wa Sudan, si mbali na bwawa kubwa ambalo Ethiopia imelijenga kwenye Nile ya Buluu. Shamba la Mbinga limesafiri zaidi ya kilomita 2,400 kwa kukosa kistari kimoja. Namba zikibadilishana nafasi, longitudo ikatangulia na kistari kikafuata namba yake, nukta inatua katika bahari ya Atlantiki, magharibi mwa Morocco. Zikibadilishana na kistari kikapotea pia, inatua Tunisia, jirani na mji wa Sfax. Makosa haya makubwa, kwa bahati, ni rahisi kuyakamata, kwa kuwa karani akifungua ramani ataona bahari au nchi ya watu. Atapiga simu: “Shikamoo mwenyekiti, ile ya mia mbili kumi na nne imenipeleka Ethiopia,” na jibu litapatikana siku hiyo hiyo.

Makosa ya hatari ni madogo: nukta ya mpakani, nukta ya nyumbani, tarakimu ya nne iliyoandikwa 2 badala ya 7. Haya hukamatwa kwa kutazama orodha nzima kwa pamoja badala ya meseji moja moja. Mashamba ya kijiji kimoja yanakaribiana, kwa hiyo tarakimu za mwanzo za namba zote zinapaswa kufanana. Kijiji cha mfano kikiwa na mashamba yanayoanza na -10.87, -10.88 au -10.89, na longitudo zinazoanza na 35.03, 35.04 au 35.05, basi -10.48 katikati ya orodha inaonekana mara moja kama jiwe kwenye mchele. Namba zinazoishia kwa sifuri nne, kama -10.880000, zimekatwa na mtu kisha zikajaziwa sifuri ili zitimie tarakimu sita. Na wanachama wawili wakiwa na namba zinazofanana hadi tarakimu ya sita, mtu amenakili. Simu mbili zikiwekwa bega kwa bega, au simu moja ikisoma leo na kesho mahali pale pale, tarakimu mbili za mwisho hubadilika karibu kila mara, kwa sababu zinahesabu mita moja na sehemu zake, na simu haina usahihi huo. Namba zilizofanana kabisa kwa majina mawili ni dalili kwamba msomaji alikaa chini ya mti mmoja akajaza fomu zote.

Njia ya mwisho ya kuhakiki huchukua dakika tano kwa shamba. Mpokeaji hubandika namba alizotumiwa kwenye ramani yenye picha ya setilaiti, kisha humsomea mwenyekiti anachokiona kwa simu: kuna paa la bati upande wa juu, kijito upande wa chini, barabara inakata kona. Mwenyekiti aliyefika shambani ataitambua picha hiyo kwa maneno au ataikataa. Picha zenyewe huweza kuwa zimepigwa miaka kadhaa iliyopita, na juu ya mteremko mkali huweza kuhama kwa mita chache, kwa hiyo paa jipya lisipoonekana si ushahidi wa kosa. Kijito na barabara ndivyo vya kutegemea.

Shamba linalozidi hekta 4 lina utaratibu wake. Msomaji huanzia kona moja na kuzunguka mpaka bila kuruka, akisoma namba kila mpaka unapopinda, na kuziandika kwa mpangilio ule ule aliotembea: KONA 1, KONA 2 na kuendelea hadi arudi pale alipoanzia. Mpangilio ukivurugika, kompyuta huunganisha kona zisizofuatana na shamba huchorwa kama kipepeo, likiwa na ekari zisizo zake. Kwa shamba la namna hiyo ni vyema chama kimwombe mwenye programu ya kupimia mipaka, inayochora mstari yenyewe kadiri mtu anavyotembea, kuliko kuandika kona kumi na tano kwa meseji.

Kuna pia karatasi ambazo mkulima huzitoa ndani akidhani zinaokoa safari: ramani ya zamani ya upimaji, yenye namba ndefu zisizo na nukta, tarakimu sita upande mmoja na saba upande mwingine. Hizo ni koordineti pia, lakini zimehesabiwa kwa mita badala ya digrii, na katika ramani nyingi za zamani za Tanzania zimejengwa juu ya kipimo cha dunia kiitwacho Arc 1960, wakati simu hutumia kile cha WGS 84. Kati ya vipimo hivyo viwili, mahali pale pale ardhini pana tofauti ya takribani mita 300. Kubadilisha moja kuwa nyingine ni kazi ya mpimaji mwenye programu yake. Kwa mwenyekiti, kutembea hadi katikati ya shamba na kusoma upya ni haraka zaidi.

Nukta iliyotumwa kwa meseji inaonyesha mahali kahawa ilipo, na hapo ndipo kazi yake inapoishia. Haimthibitishi mtu kuwa mwenye ardhi, wala haiwezi kuamua ugomvi wa mpaka ambamo majirani wanabishania mita mbili, kwa kuwa simu yenyewe hukosea zaidi ya hizo. Wawili hao wakimfuata mwenyekiti na simu yake, huwapeleka kwa baraza la ardhi la kijiji. Nakala ya namba huandikwa kwenye daftari la chama siku ile ile, kwenye mstari wa mwanachama, kabla simu haijapotea au kubadilishwa.